Masaa manne kasoro tumekaa chini ndani ya ndege milango imefungwa, wanaruhusiwa kweli? Na sisi abiria tunaruhusiwa kudai nini?

Mwana_Msasani (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba kuuliza kwa wajuvi maana hili jambo linanikera mpaka leo.

Januari mwaka huu nilikuwa natoka Ujerumani kusini narudi Dar, tiketi moja, nabadilisha ndege mji mmoja wa Ghuba. Jina la shirika sitalitaja, sio la Ulaya. Ndege ilikuwa iondoke saa 9:45 alasiri. Saa 9:40 mlango ukafungwa, theluji inadondoka ila sio ya kutisha. Tukakaa. Saa 10:15 tukasogea kidogo tukapanga foleni ya kumwagiwa ile dawa ya kuyeyusha barafu. Saa 11:05 zikaja gari mbili zenye mikono mirefu kama kreni wakatumwagia, dirisha likawa la machungwa halafu la kijani, hewa ndani ikakatwa na kukawa na harufu tamu tamu hivi kama dawa ya kifua ya watoto. Saa 11:40 kapteni anatangaza dawa imeisha muda wake, tunarudi kumwagiwa upya. Tukamwagiwa, tukajua sasa ndio safari, ikafika kama saa 11:55 kapteni tena: kuna taa imewaka huku mbele, namsubiri fundi. Tukasimama pembeni lisaa lizima. Fundi kaja, kazima kawasha sijui nini, halafu tukarudi kumwagiwa mara ya TATU. Tumeruka saa 1:25 usiku.

Kwa hiyo toka mlango kufungwa mpaka kuruka ni masaa matatu na dakika 45. Chakula hakuna, maji tulipewa kikombe kimoja kidogo saa 11:30, chooni tulikatazwa zaidi ya mara moja, jamaa wa mbele yangu alisimama akaambiwa akiendelea ataripotiwa polisi. Koneksheni yangu ilikuwa na nafasi ya masaa matatu na nusu, nimefika geti ndo wanavuta ndege. Dar nimefika saa 1 usiku badala ya saa 2 asubuhi.

Maswali yangu: (1) wana haki ya kutufungia hivyo? (2) ningeweza kusema nataka kushuka? (3) kuna chochote cha kudai?

Naomba kuwasilisha.

---

Kibonge wa Sinza

Nipo paleee nasubiri wajuvi 🪑

---

NgaweroJr

Dada sheria iko wazi kabisa, ni masaa MATATU. Yakipita masaa matatu lazima wakurudishe geti wafungue mlango, wasipofanya hivyo wanapigwa faini kwa kila kichwa. Hapo umekaa 3:45 kwa hiyo walivunja sheria. Na fidia ni yuro 600 ila kwa sababu ulichelewa chini ya masaa manne inakatwa nusu, unapata 300. Google utaona.

---

Mzuka_Minnesota

@NgaweroJr hiyo ya masaa matatu ni ya huku kwetu Marekani mkuu, na ni kwa safari za ndani ya nchi tu. Za kimataifa ni manne. Ujerumani haimhusu.

Ilivyokuja hiyo sheria ni kisa cha huku huku Minnesota. Agosti 2009 ndege ndogo yenye abiria 47 ilikuwa inaenda Minneapolis, mvua na radi zikaichepusha ikatua Rochester usiku wa manane, wakakaa ndani kama masaa sita mpaka asubuhi, watoto wanalia, choo kimeanza kunuka, na jengo la abiria liko pale pale wanaliona kwa macho. Kabla ya hapo kulikuwa na lile balaa la barafu pale JFK Februari 2007, watu walikaa mpaka masaa kumi. Basi wizara ya uchukuzi ikaja na kanuni, ikaanza kazi tarehe 29 Aprili 2010.

Mimi mwenyewe yamenikuta mwaka juzi, ndani ya nchi. Tumetoka geti, radi ikaanza, uwanja ukaondoa wafanyakazi wote wa nje kwa sababu radi ikipiga pale nje mtu anakufa. Sasa ndege hata ikirudi hakuna wa kuiongoza kuegesha, hakuna wa kusogeza lile daraja. Ilivyofika masaa mawili wakapita na maji na vile vibiskuti (huku ni lazima, isizidi masaa mawili). Ilivyofika masaa mawili na dakika hamsini radi ikapungua tukarudishwa fasta mlango ukafunguliwa, wakatangaza anayetaka kushuka ashuke ila ndege inaweza kuondoka muda wowote na hatutamsubiri mtu wala kumtolea begi. Nusu tukashuka kununua chakula. Nikagundua kumbe wakifungua mlango ile saa inasimama, wanaanza kuhesabu upya.

---

NgaweroJr

Sawa nakubali hiyo ya geti. Ila ya 300 nasimama nayo.

---

MamaKhalid_Mombasa

Jameni mie yangu ilikuwa ya joto si ya barafu. Tulikuwa Zanzibar, ndege ndogo, jua la saa saba mchana, mlango umefungwa, kile kiyoyozi hakifanyi, wasema mashine imekufa wasubiri gari la kuipa ndege umeme litoke upande wa pili wa uwanja. Dakika arubaini na tano. Kijana wangu ana pumu, akaanza kuhema. Nikamwita yule msichana nikamwambia mwanangu mgonjwa akanambia "mama tulia tutaondoka sasa hivi". Mpaka mzee mmoja wa nyuma akapiga kelele ndipo wakafungua mlango. Kwani wao hawaoni?

---

Tembo Mpole

Mimi ningefungua mlango mwenyewe ule wa dharura. Watu weusi tunaonewa kwa sababu ya upole.

---

ExKabini

Nimefanya kazi ya kabini miaka 11, nimeacha 2021, sasa nauza vifaranga Kibaha. Ngoja nijibu kwa kirefu maana hapa kuna mambo yamechanganywa.

Tuanze na Tembo Mpole. Kaka usijaribu. Mlango ukishafungwa ndege ikiwa inataka kuondoka, kruu tunauwekea ile slaidi ya dharura. Mtu akifungua kutokea ndani, slaidi inajaa upepo na kufyatuka ndani ya sekunde chache, kama kuna fundi au gari chini yake umeua mtu. Ndege hiyo haiendi popote leo. Na wewe unaondoka na polisi.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui. Upo mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963, unasema ndege inahesabiwa iko "safarini" kuanzia milango yote ya nje inapofungwa baada ya abiria kupanda, sio inapopaa. Maana yake hata kama matairi hayajasogea hata inchi moja, kapteni ana mamlaka yake yote. Anaweza kuamuru mtu akae, anaweza kuagiza afungwe mikono kama anahatarisha usalama au anavuruga utulivu, anaweza kumteremsha, anaweza kumkabidhi kwa polisi. Kwa hiyo yule jamaa wa mbele yako @Mwana_Msasani kutishiwa polisi sio kwamba dada wa kabini alijitungia. Ila mkataba huo huo unasema hatua ziwe za kiasi na za lazima. Kusimama kuomba maji sio kosa. Kusimama wakati ndege inatembea umeambiwa kaa mara tatu, hilo ni kosa.

Sasa kwa nini wanafunga mlango halafu mnakaa? Hapa ndipo abiria wanapodhani ni roho mbaya. Ulaya anga au uwanja ukijaa ndege inapewa sloti, yaani muda wake wa kuruka, na dirisha lake ni dakika 5 kabla mpaka dakika 10 baada ya muda huo. Ukiikosa unatupwa nyuma ya foleni. Sasa kapteni ili aombe sloti nzuri zaidi lazima aripoti "niko tayari", na tayari maana yake abiria wako ndani, mlango umefungwa, mizigo imepakiwa. Akisema abiria wangu wako kwenye duka la chokoleti, hayuko tayari. Nimewahi kukaa na abiria 180 masaa mawili kwa sababu tulikuwa tunaambiwa kila dakika ishirini "labda dakika ishirini zijazo". Na sisi tulikuwa hatujui zaidi yenu, kapteni naye anaambiwa hivyo hivyo.

Hayo ya dawa ya barafu nayo ni hivyo hivyo. Ile ya machungwa inaondoa barafu iliyopo, ile ya kijani inalinda isijengeke nyingine, ila inalinda kwa muda tu, na muda huo unategemea baridi na theluji inavyoshuka. Muda ukiisha kabla hujaruka unarudi kumwagiwa, hakuna mjadala, watu wamekufa kwa kupuuza hilo. Hewa kukatwa wakati wa kumwaga ni kawaida, wanazima ili ule moshi usivutwe ndani.

Nitarudi kwenye hela na kwenye kushuka, naenda kulisha vifaranga.

---

Kibonge wa Sinza

Vifaranga bei gani mkuu? Chotara unao?

---

Dulla wa Tandale

Samahani wadau mimi begi langu lilibaki Addis siku nne kwa sababu ndege ilichelewa, ndani kulikuwa na dawa za bi mkubwa, nadai wapi? Naona hapa ndio mnaongelea kuchelewa.

---

Mwana_Msasani

@ExKabini asante sana, umenifungua macho hiyo ya sloti. Ila bado choo. Kwa nini choo?

---

Msafiri wa Kata

Mimi nafikiri wanafanya makusudi kufunga mlango maana mishahara yao inaanza kuhesabiwa mlango ukifungwa. Kuna clipu niliona.

---

Mzuka_Minnesota

@Msafiri wa Kata huku Marekani ni kweli kwa mashirika mengi kruu walikuwa hawalipwi wakati wa kupandisha abiria, saa ya hela inaanza mlango ukifungwa, kuna shirika kubwa moja lilianza kulipa nusu ya malipo ya saa wakati wa kupandisha 2022. Lakini dada wa kabini haamui mlango ufungwe lini. Hiyo ni ya kapteni na watu wa geti.

---

ExKabini

Nimerudi.

Choo. Ndege ikiwa inatembea, hata kwa mwendo wa baiskeli, kila mtu anatakiwa awe amekaa na kruu naye anatakiwa awe amekaa isipokuwa kwa kazi ya usalama. Breki ikishikwa ghafla mtu aliyesimama anaruka safu tatu, nimeona bega limetoka. Tatizo foleni ya kumwagiwa dawa ni kusogea, kusimama, kusogea, kusimama, ndio maana taa ya mkanda inabaki imewaka. Ila ulipokuwa umesimama pembeni lisaa lizima unamsubiri fundi, hapo hakukuwa na sababu. Kapteni anaweka breki ya kuegesha, anazima taa, watu wanaenda. Na hapo ndipo swali zuri linapokuwa sio "kwa nini mnatunyima choo", linakuwa "dada, naomba umuulize kapteni kama anaweza kuzima taa ya mkanda maana tumesimama". Hilo swali linapigiwa simu mbele. Lile la kwanza linajibiwa "subiri kidogo".

Mengine ninayoweza kuwaambia muulize, na nilikuwa nayaheshimu nikiulizwa: kruu wana muda wao wa kazi kisheria, ukiisha hawaruhusiwi kuruka hata kama kila kitu kiko sawa. Ukiuliza "saa zenu zinatosha mpaka saa ngapi?" jibu lake linakuambia zaidi kuliko matangazo yote. Tukianza kunong'onezana nyuma kwenye jiko tunahesabu vidole, ujue mnarudi geti. Uliza pia kuhusu koneksheni mapema, wakati bado mko chini, waombe watume taarifa, maana ukishafika kule geti limefungwa hakuna la kufanya.

Chakula ni kweli tunabana. Trei zinahesabiwa kichwa kwa kichwa, ukigawa chini huna cha kugawa juu. Lakini maji na vibiskuti vipo siku zote, kikombe kimoja kwa masaa manne kasoro ni uvivu, siwatetei. Pombe usiulize, nchi nyingi troli zinakuwa na lakiri ya forodha mpaka ndege ipae.

@MamaKhalid_Mombasa pole sana. Yule binti alikosea. Ila nikupe siri ya kazi: neno "mgonjwa" kwenye kabini tunalisikia mara thelathini kwa safari, linakuwa kama kelele. Sema "mwanangu ana pumu, anahema hivi, dawa yake hii hapa, nahitaji kapteni ajulishwe". Ukisema hivyo, yule binti asipopeleka na mtoto akazidiwa, ni kazi yake imekwisha, na anajua. Joto nalo lina dawa kabla ya gari la umeme: kama ngazi zipo mlangoni mlango unaweza kufunguliwa, na mapazia ya madirisha ya upande wa jua yakishushwa yote joto linapungua kweli. Ile mashine iliyokufa ni kale kainjini kadogo ka mkiani kanakotoa umeme na hewa injini kubwa zikiwa zimezimwa. Kakifa ndege inakuwa nyumba ya mabati juani.

---

MamaKhalid_Mombasa

Ahsante. Ila kapteni akijulishwa si atatuteremsha? Mie nilikuwa naogopa hilo ndo nikanyamaza mwanzo.

---

ExKabini

Anaweza. Sikufichi. Akiona mtoto anahema atawaita watu wa afya, na hao wakisema asiruke, hamruki. Lakini bora pumu ikubane chini Zanzibar ambako gari la wagonjwa lipo dakika kumi kuliko juu ya bahari.

Na hii inanipeleka kwenye kushuka. Ukisema "nataka kushuka" ukiwa Ulaya, hakuna kanuni ya saa fulani inayomlazimisha kapteni afungue mlango kama ile ya Marekani. Kuna hii tu, kanuni 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya inasema ndege ikichelewa kuondoka masaa matano au zaidi unaweza kuamua kutosafiri na urudishiwe nauli. Wewe ulikuwa na 3:45. Kwa hiyo ni hiari ya kapteni, na sababu ya kusita ni begi lako. Safari ya kimataifa begi haliruki bila mwenyewe, kwa hiyo wewe mmoja ukishuka watu wanaingia kule chini kutafuta begi moja kati ya mia mbili na hamsini, na kabini inakaguliwa ulipokaa kama umeacha kitu. Dakika arobaini zimeenda, sloti imeenda, dawa ya barafu imeisha muda. Abiria wenzako watakuchukia wewe kuliko shirika.

---

Tembo Mpole

Sasa kama nina begi la mkononi tu?

---

ExKabini

Hapo umenipata. Kama huna begi chini na ndege iko geti au ngazi zipo, ni rahisi sana, nimewateremsha watu hivyo mara kibao. Sema mapema, kabla ndege haijasogea.

---

NgaweroJr

Haya hela sasa. 300 au sio 300?

---

ExKabini

Sio 300, na nitakuambia ulipokosea maana uko karibu.

Kwanza shirika kutokuwa la Ulaya hakumuondolei haki. Ukiondokea uwanja wa Ulaya, shirika lolote linabanwa. Ukienda Ulaya kutokea Dar ndio lazima liwe shirika la Ulaya. Pili, tiketi ilikuwa moja mpaka Dar, kwa hiyo kuchelewa hakuhesabiwi Ujerumani wala Ghuba, kunahesabiwa Dar, na kunahesabiwa mlango wa ndege unapofunguliwa sio magurudumu yanapogusa chini. Ile ya kukatwa nusu ni kweli ipo, kwa safari zaidi ya kilomita 3500 ukifika umechelewa kati ya masaa matatu na manne. Yeye kafika amechelewa masaa 11. Kwa hiyo ni 600 kamili au sifuri.

Kwa nini sifuri: shirika likithibitisha sababu ni jambo la nje ya uwezo wake na lisingeepukika hata kwa kujitahidi, halilipi. Theluji watasema ni hiyo. Lakini fundi! Taa kuwaka na fundi kuja ni hitilafu ya kawaida ya ndege, mahakama ya Ulaya imeshasema mara kadhaa, toka 2008, kwamba hitilafu za ufundi kwa kawaida sio kisingizio. Na mwaka 2017 mahakama hiyo hiyo ikasema sababu zikiwa mbili, ule muda wa sababu isiyo yao unatolewa kwenye jumla, unabaki ule wa kwao.

Sasa tufanye hesabu zako. Theluji peke yake: mlikuwa mmeshamwagiwa mara ya pili, mko tayari kama saa 11:55. Tuseme mngeruka saa 12 kamili. Hapo umechelewa masaa mawili na robo, koneksheni yako ina masaa matatu na nusu, unabakiwa na lisaa na robo, unavuka, Dar unafika kwa wakati. Kilichokuua ni lisaa la fundi pamoja na kumwagiwa mara ya tatu, ambako kusingekuwepo bila fundi. Hiyo ndio hoja yako yote, usiandike mengine. Usiandike choo, usiandike maji, usiandike jamaa wa polisi. Hayo peleka barua nyingine.

---

Wakili_wa_Mtaani

Hoja nzuri ila shirika litajibu kwamba bila theluji, lisaa la fundi peke yake lisingemkosesha koneksheni pia. 1:25 hivi ya fundi na kumwagiwa, koneksheni 3:30, angevuka vizuri tu. Kwa hiyo sababu zote mbili zilihitajika. Hiyo kesi ya 2017 ilikuwa inatoa dakika kwenye jumla ya safari, haikuwa na koneksheni iliyokatika katikati. Nikiwa hakimu ningekuna kichwa.

---

ExKabini

Kweli hapo umenibana. Mimi ni mtu wa kabini, sio wa mahakama. Ila upande wa kuthibitisha ni wa shirika sio wake, na kuna hoja nyingine: theluji Januari Ujerumani ni kitu cha kushangaza kweli? Shirika linalotua pale kila siku linajua kuna baridi.

---

Wakili_wa_Mtaani

Wengine wanakubali hiyo, wengine wanasema uwanja ndio unaomwagia dawa sio shirika. Adai tu. Ujerumani ana miaka mitatu na inahesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka huu, haraka hakuna. Aandike mwenyewe moja kwa moja kwa shirika kabla ya kuwapa wale madalali wa mtandaoni wanaokata asilimia.

---

Dulla wa Tandale

Na begi langu jamani

---

Wakili_wa_Mtaani

@Dulla wa Tandale lako ni mkataba wa Montreal wa 1999, sio hii ya Ulaya. Begi lililochelewa unatakiwa uwe umelalamika kwa maandishi ndani ya siku 21 toka ulipokabidhiwa, na kesi ni ndani ya miaka miwili. Una risiti za dawa ulizonunua badala ya zile? Bila risiti huna kitu. Anzisha uzi wako tukusaidie kule.

---

Kibonge wa Sinza

Na hapa bongo je? Nimekaa chini masaa mawili Mwanza juzi nimepewa karanga.

---

ExKabini

Mamlaka ya kapteni ni yale yale, mlango ukifungwa ni yeye. Ukitaka kulalamika anza na shirika kwa maandishi, wakikupuuza kuna mamlaka ya usafiri wa anga TCAA na lipo pia baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, kazi yake ni hiyo. Wengi hawaendi. Karanga zilikuwa na chumvi?

---

Kibonge wa Sinza

Zilikuwa na chumvi na maji hawakunipa 😂

---

Mwana_Msasani

Wakuu nawashukuru sana. Leo nimekaa nikafungua simu, kumbe nilipiga picha. Ya kwanza dirisha la machungwa saa 11:07. Ya pili ile ya kijani saa 11:52 nilikuwa namtumia dada yangu. Ya tatu ni fundi kavaa koti la njano anapanda ngazi saa 12:31, na nilimwandikia mume wangu "kapteni anasema taa ya vali imewaka tunasubiri fundi". Zote zina saa. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja kama ExKabini alivyosema, choo sijakigusa.

Walishanijibu awali kabla ya uzi huu, mistari miwili, "hali mbaya ya hewa, tunasikitika". Fundi hawakumtaja kabisa.

---

Wakili_wa_Mtaani

Basi waulize swali moja tu kwenye barua: ndege ilisimama kwa ajili gani kuanzia 11:55 mpaka 12:55. Ambatanisha picha ya koti la njano. Wakirudia hali ya hewa leta hapa.

---

Mwana_Msasani

Nimetuma sasa hivi. Wamesema siku 30 za kazi.

---

Tembo Mpole

Siku 30 za kazi halafu wewe ukisimama sekunde 30 unaitiwa polisi.